Kusimamisha usajili kwa miezi michache: kinachobaki maktabani na kinachofungwa

Ukisimamisha usajili kwa muda, kinachosimama ni makato ya kila mwezi pamoja na haki zote zinazoletwa na makato hayo. Maktaba yako haiguswi. Ila sehemu ya maktaba hiyo hufunguliwa na haki hizo hizo, kwa hiyo kuna vitu vitabaki mbele ya macho yako na visifunguke. Wengi hushtukia hapo, na wengine huamua kwamba vitu vyao vimefutwa, kumbe vimefungiwa tu.

Mwongozo huu unaifuata YouTube Premium kwa kina, kwa sababu kitufe cha kusimamisha kimo ndani yake na maktaba yake imechanganya karibu kila aina ya kitu. Kisha tutaigeukia Audible, huduma ya vitabu vya kusikiliza, ambako swali la kusimamisha au kughairi lina uzito mkubwa zaidi, maana huko kughairi kunakula vitu ulivyokwisha kuvilipia.

## Maktaba moja, vitu vya aina tatu

Kabla ya kubonyeza chochote, pitia maktaba yako na kujiuliza swali moja kwa kila kitu: hiki kinaning'inia wapi?

Aina ya kwanza inaning'inia kwenye akaunti. Hapa zimo pleilisti ulizotengeneza, video ulizozipenda, chaneli unazofuata, albamu na wasanii uliowahifadhi kwenye YouTube Music, na historia ya ulichotazama. Hivi si mafaili. Ni kumbukumbu tu kwamba wewe ulichagua kitu fulani. Havihitaji Premium hata kidogo, na mtu asiyewahi kulipa anavyo vilevile. Ukisimamisha vinabaki, na ukighairi kabisa pia vinabaki.

Aina ya pili inaning'inia kwenye usajili, nayo ni vile ulivyovipakua ili utazame au usikilize bila mtandao. Mafaili yenyewe yamo ndani ya simu na yanakula nafasi, lakini kila faili linafunguliwa kwa ruhusa ambayo programu huihakiki kwenye seva. Hata usajili ukiwa hai, simu inatakiwa iguse mtandao angalau mara moja kila siku 30, la sivyo ulivyopakua vinagoma. Usajili ukisimama, ruhusa nayo inasimama. Mafaili yanabaki simuni yakikungoja, ila hayachezi.

Aina ya tatu ni mali yako. Nyimbo zako mwenyewe ulizozipandisha kwenye YouTube Music zimo humu, na vilevile filamu uliyoinunua, si ya kukodi. Nyimbo ulizopandisha ni jambo ambalo wengi hawalijui: zinaendelea kucheza bila matangazo, skrini ikiwa imezimwa, na hata bila mtandao, ingawa huna Premium. Kama una mafaili ya muziki yaliyolala kwenye kompyuta, miezi ya mapumziko ni wakati mzuri wa kuyapandisha. Nafasi inafika nyimbo 100,000.

## Anayekukata ni nani?

Swali hili linaamua kama kitufe cha kusimamisha utakiona au la, kwa hiyo lijibu mapema. Fungua risiti ya mwisho kwenye barua pepe yako na utazame imetoka kwa nani.

Risiti ikitoka Google au YouTube, endelea na hatua zilizo hapa chini. Ikitoka Apple, maana yake ulijiunga kupitia programu ya iPhone, na mambo hubadilika: orodha ya usajili ya Apple ina kitufe cha kughairi tu, cha kusimamisha haina. Ukiwa hapo njia yako ni kughairi, kungoja kipindi ulicholipia kiishe, kisha siku ukirudi ujiunge upya kupitia kivinjari ili makato yaende moja kwa moja YouTube. Kama usajili umekuja ndani ya kifurushi cha kampuni ya simu au ya intaneti, anayeusimamia ni huyo aliyekuuzia kifurushi. Kwenye ukurasa wa YouTube utaona jina lake, wala si kitufe.

Vizuizi vingine ni viwili. Aliyelipia mwaka mzima hawezi kusimamisha. Huduma hiyo ni ya wanaolipa mwezi kwa mwezi. Na kwenye mpango wa familia, mwanafamilia wa kawaida hana mamlaka juu ya malipo. Msimamizi wa kikundi ndiye anayesimamisha, naye akifanya hivyo wote waliomo wanasimama pamoja naye. Msimamizi mwenye adabu huwaambia wenzake kwanza.

## Hatua zenyewe

Majina ya vitufe yameandikwa hapa kama yanavyosomeka programu ikiwa kwa Kiingereza. Ukitumia YouTube kwa Kiswahili, mpangilio ni uleule.

1. Fungua kivinjari, ingia kwenye akaunti inayolipa, kisha andika anwani hii:

```
youtube.com/paid_memberships
```

Kwenye programu ya simu, gusa picha yako, halafu `Purchases and memberships`. Kivinjari ni salama zaidi kwa mwenye akaunti mbili au tatu, maana picha ya akaunti iliyofunguliwa unaiona pale juu kulia. Ukikuta ukurasa mtupu usiokuonyesha usajili wowote, uko kwenye akaunti isiyo sahihi.

2. Bonyeza `Manage membership` kwenye mstari wa Premium. Hapo itajitokeza tarehe ya makato yajayo. Iandike mahali. Tutaihitaji kwenye hesabu.

3. Bonyeza `Deactivate`. Neno hili huwatisha watu na kuwarudisha nyuma, kwa sababu linasikika kama kufuta. Hakuna kilichofutwa bado. Njia ya kusimamisha na ya kughairi zinapita mlango huu mmoja.

4. Kwenye ukurasa unaofuata chagua `Pause instead`. Usibonyeze cha kuendelea na kughairi, ambacho kipo karibu nacho.

5. Chagua idadi ya miezi, kuanzia 1 hadi 6, kisha thibitisha.

6. Rudi kwenye ukurasa wa hatua ya kwanza uusome upya. Unapaswa kuona tarehe ambayo usajili utaanza tena. Ukiona tarehe ya kumalizika bila ya kuanza tena, umeghairi, hukusimamisha. Piga picha ya skrini hiyo.

Hatua ya 6 inachukua sekunde kumi, na ndiyo inayorukwa na wengi. Tofauti ya kusimamisha na kughairi haionekani siku ile ya kubonyeza, kwa sababu katika hali zote mbili Premium inaendelea hadi mwisho wa kipindi ulicholipia. Makosa hujitokeza wiki kadhaa baadaye.

Kuna wanaojaribu njia za mkato: kufuta programu simuni, au kuifunga kadi benki. Kufuta programu hakugusi makato hata kidogo; yanaendelea kimya kimya. Kuzuia kadi kunaleta malipo yaliyokwama, si mapumziko. Huduma hujaribu kukata tena na tena, kisha inauzima usajili, na hakuna tarehe ya kurudi iliyopangwa.

## Hesabu ya tarehe

Tuchukue mtu anayekatwa tarehe 14 ya kila mwezi. Leo ni tarehe 3 Juni, naye anataka kupumzika miezi 3. Anabonyeza leo, lakini mapumziko hayaanzi leo. Makato ya tarehe 14 Mei yamekwisha kununua muda hadi tarehe 14 Juni, kwa hiyo siku 11 zilizobaki anaendelea kutazama bila matangazo kama kawaida. Mapumziko yanaanza 14 Juni na kumalizika 14 Septemba. Makato matatu hayatafanyika: ya Juni, ya Julai na ya Agosti. Tarehe 14 Septemba kadi inakatwa yenyewe, bila yeye kubonyeza chochote.

Sasa sogeza siku ya kubonyeza. Akikumbuka tarehe 13 Juni usiku, hesabu ni ileile, ingawa amejiweka ukingoni. Akikumbuka tarehe 15, makato ya tarehe 14 yamekwisha kupita. Premium itaendelea hadi 14 Julai na mapumziko yatakwenda kutoka hapo hadi 14 Oktoba. Hajapoteza fedha, kwa sababu mwezi aliolipia ataupata, ila mapumziko yamemsogea mwezi mzima mbele na huenda yakaangukia kipindi ambacho hakukitaka. Kwa kuwa ukisimamisha mapema hupotezi hata siku moja uliyolipia, hakuna sababu ya kungoja siku ya mwisho.

Jingine ni kuchagua idadi ya miezi. Tuseme mtu huyu hatahitaji Premium hadi mwisho wa Septemba. Miezi 3 itamrudisha tarehe 14, na wiki mbili za mwezi wa kwanza zitapita bure. Afadhali achague 4, kisha arudi mwenyewe siku atakapohitaji. Kurudi kabla ya muda kunaruhusiwa wakati wowote: ukurasa uleule, kitufe `Resume`. Kadi inakatwa siku hiyohiyo. Akirudi tarehe 2 Oktoba, siku yake ya makato sasa inakuwa tarehe 2, si 14 tena. Anayepanga malipo yake yafuate siku ya mshahara aliangalie hilo.

Kwa hiyo kanuni ya vitendo ni kuzidisha mwezi mmoja, si kupunguza. Ukizidisha unaweza kurudi mapema. Ukipunguza, kadi itakatwa siku ambayo hata hukumbuki kwamba ulikuwa mapumzikoni.

## Utakachokiona ndani ya miezi hiyo

Siku ya kwanza ya mapumziko dalili ni mbili: matangazo yanarudi, na video inakata ukizima skrini au ukihamia programu nyingine. Kwenye YouTube Music pia wimbo unanyamaza skrini ikizimwa, isipokuwa zile nyimbo ulizopandisha mwenyewe. Fungua pleilisti zako: zote zipo, kwa mpangilio uleule, na unaweza kuongeza au kuondoa vitu ndani yake kama kawaida. Kazi ya kupanga maktaba haisimami.

Sehemu ya vilivyopakuliwa ndiyo yenye utata. Kuna mpango mmoja ambao watu huubuni na haufanyi kazi: kupakua video na nyimbo nyingi katika siku za mwisho za Premium, kisha kusimamisha na kuzitazama polepole kwa miezi mitatu bila kulipa. Hazitafunguka. Ukienda kwenye orodha ya vilivyopakuliwa, vitu vimehifadhiwa ila huruhusiwi kuvicheza hadi usajili uanze tena. Ukiwa safarini mahali pasipo na mtandao, ndipo utakapoligundua hilo, na wakati huo hakuna la kufanya. Kama una safari, weka mapumziko yaanze baada yake.

Hata hivyo usivifute kwa hasira. Faida moja ya kusimamisha ni kwamba mafaili hayo hutayapakua upya: usajili ukianza tena na simu ikagusa mtandao, yanafunguka palepale. Kwa mwenye GB 20 za muziki simuni hilo ni bando zima limeokolewa. Masharti ni kwamba usiondoe programu, usifute data zake kwenye mipangilio ya simu, na usibadilishe simu. Vilivyopakuliwa ni vya kifaa kile kile. Havihami, wala havirudi ukisakinisha programu upya. Na kama simu inalalamika nafasi, ujue kwamba mafaili haya yaliyofungwa bado yanahesabiwa. Hapo chagua: ufute leo na upakue tena baadaye, au uyavumilie.

Kuna vitu vitakavyopotea miezi hiyo bila kosa la mapumziko, na ni vizuri kuvijua ili usilaumu kitufe. Video inaweza kuondolewa na mwenyewe au kufanywa ya faragha. Wimbo unaweza kutolewa na mwenye haki. Pleilisti yako iliyokuwa na vitu 212 itarudi ikiwa na 208, huku juu yake kukiwa na ujumbe kwamba vitu visivyopatikana vimefichwa. Historia nayo inaweza kupungua kama uliweka ijifute yenyewe: chaguo za Google ni miezi 3, 18 au 36. Aliyeweka miezi 3 kisha akapumzika miezi 4 bila kutazama kitu atakuta historia tupu, na mapendekezo ya video yatakuwa kama ya mgeni. Mpangilio huo uko `myactivity.google.com`. Kama historia ina thamani kwako, urefushe kabla ya kusimamisha.

## Nakala ya orodha, kwa mwenye maktaba kubwa

Pleilisti hazipotei kwa kusimamisha, kwa hiyo nakala hii si lazima. Inafaa kwa sababu ile ya mwisho: ujue vitu vinne vilivyotoweka ni vipi. Nenda `takeout.google.com`, bonyeza `Deselect all`, kisha weka alama kwenye `YouTube and YouTube Music` peke yake. Fungua chaguo za ndani yake na uache pleilisti, nyimbo za maktaba na orodha ya chaneli unazofuata. Ukiacha kila kitu, video zote ulizowahi kupandisha zitaingia na faili litakuwa kubwa mno. Kiungo cha kupakua kinakuja kwa barua pepe na kinadumu kama siku 7 hivi.

Ndani yake utapata mafaili ya CSV yanayofunguka kwenye programu yoyote ya majedwali. Usitarajie majina ya video: faili la pleilisti lina namba ya utambulisho ya kila video na tarehe uliyoiongeza. Ukitaka kujua ni video gani, bandika namba hiyo mwisho wa anwani hii:

```
https://www.youtube.com/watch?v=
```

Tatizo ni kwamba video ikishaondolewa, anwani hiyo haikuambii ilikuwa nini. Kwa pleilisti mbili au tatu unazozijali kweli, fungua ukurasa wake kwenye kompyuta, nakili majina yote kwa kipanya na uyabandike kwenye hati. Ni kazi ya kienyeji, lakini inakuachia majina. Faili la nyimbo za maktaba ni jema zaidi: hilo lina jina la wimbo, albamu na msanii.

## Audible: mahali ambapo kughairi kunauma

Ukweli ni kwamba kwenye YouTube kughairi hakukupotezei mengi. Pleilisti zinabaki vilevile, na ulichokosa ni vilivyopakuliwa na urahisi wa kurudi bila kubonyeza. Asiye na uhakika kama atarudi, heri aghairi, kuliko kuacha tarehe ya makato inayomnyemelea. Kwa vitabu vya kusikiliza vya Audible hali ni nyingine, na sababu yake ni kredi.

Mwanachama wa mpango wa kredi hupata kredi kwa kila malipo, na kredi moja hununua kitabu kimoja. Kitabu kilichonunuliwa kwa kredi ni chako: kinabaki maktabani hata ukighairi, na unaweza kukipakua tena na kukisikiliza bila uanachama. Lakini kredi ambayo hujaitumia si kitabu bado. Ukighairi, kredi zote zilizobaki zinafutika siku uanachama unapokwisha, ingawa kila moja uliilipia. Ukisimamisha zinabaki na unaweza kuzitumia ndani ya mapumziko. Hapa mapumziko ni ya hadi miezi 3, na yanapatikana mara moja katika miezi 12.

Chukua maktaba yenye vitabu 18. Ukiangalia historia ya manunuzi kwenye akaunti, 11 vimenunuliwa kwa kredi. Vingine 7 havimo kwenye manunuzi: vilitoka kwenye Plus Catalog, mkusanyiko ambao mwanachama husikiliza bila kutumia kredi. Pembeni kuna kredi 3. Mwenye maktaba hii akighairi leo bila kufikiri, atabaki na vitabu 11 vinavyosikika, vitabu 7 vyenye jalada maktabani lakini visivyocheza, na kredi 3 zimekwenda na maji. Akitumia kredi zake 3 kwanza kisha akaghairi, ana vitabu 14 vya kudumu na hajapoteza kitu alicholipia. Akisimamisha, kredi zinamngoja.

Macho yanadanganya kwenye maktaba ya Audible. Vitabu vya aina zote mbili vimepangwa rafu moja, na kile cha Plus ulichokipakua kina alama ileile ya kupakuliwa kama kile ulichokinunua. Historia ya manunuzi ndiyo hakimu. Kama kati ya vile 7 kimo kimoja unachokirudia mara kwa mara, kinunue kwa kredi kabla ya kuondoka. Vitabu vya Plus hutoka kwenye mkusanyiko hata kwa mwanachama anayelipa, kwa hiyo kukiona leo si ahadi ya kukiona baada ya miezi mitatu.

Mapumziko hayasimamishi saa ya kredi. Kredi huisha muda mwaka mmoja baada ya kutolewa. Iliyotolewa Julai mwaka jana itakufa Julai mwaka huu, uwe mapumzikoni au la. Tarehe zake zimo kwenye ukurasa wa `Account Details`, na kusimamisha kwenyewe hufanyika kwenye tovuti, si ndani ya programu ya kusikilizia. Kama una kredi inayoisha katikati ya mapumziko, chagua kitabu nayo leo hata kama utakisikiliza mwakani. Kitabu hakina tarehe ya kuisha, kredi inayo.

## Programu nyingine zilizolipiwa kupitia Google Play

Programu nyingi za mazoezi, lugha, magazeti na picha hukatwa na Google Play yenyewe. Fungua Play Store, gusa picha yako, kisha `Payments & subscriptions`, halafu `Subscriptions`. Gusa programu, kisha `Manage`, na utafute `Pause payments`. Chaguo hilo lipo tu kama mtengenezaji wa programu ameliruhusu. Kwa usajili wa mwezi, muda mrefu kabisa ni miezi 3, na usajili wa mwaka hausimamishwi. Hapa pia mapumziko huanza baada ya kipindi ulicholipia kumalizika.

Google Play inasimamia malipo peke yake. Yatakayobaki ndani ya programu ni uamuzi wa mtengenezaji, na hapa ndipo panapohitaji kuuliza. Programu ya kujifunza lugha kwa kawaida hukuacha na maendeleo yako kwenye akaunti. Ya kuhariri picha inaweza kukuacha na miradi unayoiona na usiyoweza kuitoa nje kwa ubora kamili. Kabla ya kusimamisha, toa nje kazi iliyokamilika kama faili la kawaida, kisha ulifungue kwenye programu nyingine kuhakikisha linafunguka.

Hifadhi ya mtandaoni usiichanganye na haya. Nafasi ya ziada ya Google One si usajili wa kupumzisha kwa wepesi: ukiacha kulipa na mafaili yako yamezidi GB 15 za bure, huwezi kupandisha kipya, barua pepe zinaacha kuingia, na akaunti ikikaa juu ya kiwango kwa miaka 2 Google inaweza kufuta mafaili. Hapo punguza mafaili kwanza.

## Wiki moja kabla ya kurudi

Weka kikumbusho kwenye kalenda siku 7 kabla ya tarehe uliyoipiga picha. Siku hiyo kagua mambo mawili. La kwanza ni kadi: kama imeisha muda wakati wa mapumziko au benki imekupa mpya, makato yatagonga mwamba. Kwenye Google Play usajili utaingia katika hali ya kusubiri malipo, na haki zako zitabaki zimefungwa hadi urekebishe kadi. Anayekuta vilivyopakuliwa bado vimefungwa siku mbili baada ya tarehe ya kurudi aanzie hapo, kwenye kadi, kabla ya kufuta programu na kuisakinisha upya. Akiisakinisha upya, yale mafaili aliyoyatunza miezi yote atakuwa ameyafuta mwenyewe.

La pili ni kama bado unautaka. Ukiwa ndani ya mapumziko unaweza kughairi kabisa kwenye ukurasa uleule, na hakuna kitakachokatwa. Kwa YouTube pleilisti zinabaki. Kwa Audible, tumia kwanza kredi zote, hakikisha vitabu vipya vimeonekana kwenye historia ya manunuzi, ndipo ubonyeze kughairi.

Siku usajili unapoanza tena, fungua programu ukiwa kwenye mtandao, nenda kwenye vilivyopakuliwa na uiache wazi dakika chache ili ruhusa zihakikiwe. Kisha washa hali ya ndegeni na ucheze faili moja. Likicheza, mengine yote yamefunguka.